Kibali cha Bure Kina Bei Gani?

Anayetengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mambo ya zamani hukutana na wenye mali wa aina mbili. Wa kwanza ana orodha ya bei. Wa pili hata hajui kwamba alicho nacho ni mali. Swali la insha hii ni hili: fedha zikiwa chache, na huyu wa pili akiwa tayari kutoa kibali bure, je, ni haki tukipokee kibali hicho na kumlipa wa kwanza peke yake?

Nitalijibu kwa mfano ninaoufahamu. Wanafunzi watatu, mimi nikiwa mmoja wao, tulitengeneza filamu ya dakika ishirini kuhusu familia za wafanyakazi wa reli mjini Kampala. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na pamoja nayo walikuja watu kutoka pande nyingi ambao lugha yao ya kazini ilikuwa Kiswahili. Tulihitaji vitu viwili vya kale: picha za wafanyakazi wakiwa stesheni, zilizopigwa zamani za Waingereza, na wimbo mmoja wa Kiswahili uliorekodiwa Nairobi mwaka 1965, ambao wazee wote tuliowahoji waliukumbuka. Kwa ajili ya vibali tulikuwa na shilingi milioni mbili za Uganda.

Picha zilikuwa katika hifadhi moja ya filamu huko Ulaya. Hifadhi za namna hii hutoa kwanza nakala ya kutazama, yenye jina lao katikati ya picha na saa inayohesabu sekunde, ili mteja achague kipande anachokitaka. Bei hutegemea mambo matatu: filamu itaoneshwa wapi, kwa njia gani, na kwa muda gani. Sisi kama wanafunzi tulipewa punguzo. Tungelipa paundi tano kwa sekunde kwa leseni ya miaka mitano, au paundi kumi kwa leseni isiyo na mwisho, na kima cha chini kilikuwa sekunde ishirini. Kwa hiyo paundi 200, ambazo kwetu zilikuwa kama shilingi 940,000, zingetupatia sekunde arobaini kwa miaka mitano au sekunde ishirini za milele.

Sekunde arobaini zilitutamanisha. Lakini leseni fupi ni deni lililofichwa. Mfululizo wa Marekani uitwao Eyes on the Prize, uliotengenezwa na kampuni ya Henry Hampton kuhusu harakati za haki za watu weusi, ulianza kuoneshwa mwaka 1987. Leseni nyingi za picha na nyimbo zake zilikuwa za muda maalumu kwa sababu fedha hazikutosha kununua zaidi. Muda ulipokwisha, mfululizo haukuweza kurushwa tena wala nakala mpya kuuzwa. Ilibidi Taasisi ya Ford itoe dola 600,000, na mfadhili mwingine aongezee, ndipo vibali vikatafutwa upya na mfululizo ukarudi kwenye televisheni mwaka 2006. Sisi hatutakuwa na Taasisi ya Ford baada ya miaka mitano. Tulichukua sekunde ishirini za milele.

Upande wa wimbo ulikuwa na ugumu mwingine. Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo wenyewe, na ya rekodi, yaani ule uimbaji ulionaswa studioni. Kwa sheria ya Kenya, rekodi hulindwa kwa miaka hamsini baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya mwaka 1965 kwa hiyo ilikuwa huru nchini humo tangu mwisho wa 2015. Utunzi hulindwa hadi miaka hamsini baada ya mtunzi kufariki, na ndivyo ilivyo pia Uganda na Tanzania. Mtunzi wetu alifariki mwaka 1989. Utunzi wake una mwenyewe mpaka mwisho wa 2039. Nchi nyingine huhesabu tofauti, kwa hiyo tulijiwekea mpaka: filamu itaoneshwa Afrika Mashariki tu.

Mwenye utunzi huo alikuwa mjane wa mtunzi, pamoja na watoto wake watatu, huko Kisumu. Mumewe hakuwahi kuuza utunzi wake kwa maandishi. Alilipwa mara moja siku ya kurekodi, basi. Tulipomweleza haja yetu alisema, "Wanangu, andikeni tu jina lake." Alikuwa tayari kutia saini siku hiyo hiyo, bila senti.

Mwenzetu mmoja alisema tushukuru na tuondoke. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mama ametoa kwa hiari. Kukataa zawadi ya mzee ni kumdharau. Na zile fedha zingetununulia sekunde ishirini zaidi za picha. Mwenye haki amekubali, basi haki imetendeka.

Mimi naona hoja hiyo inachanganya kukubali na kutoa zawadi. Anayetoa zawadi anajua anachojinyima. Mtu asiyejua kwamba kitu chake kina bei hajatoa zawadi. Amechukuliwa tu kwa upole. Wahenga walisema mnyonge hana haki, na kwa kawaida tunafikiri kwamba ananyang'anywa kwa nguvu. Mara nyingi zaidi ananyang'anywa kwa sababu hana orodha ya bei, na aliye mbele yake anayo nyingine mfukoni.

Kwa hiyo tulimwonesha. Tulimwambia hifadhi inadai paundi kumi kwa sekunde, na kwamba tungemlipa kwa kipimo hicho hicho. Akacheka: "Kumbe wimbo wa mzee una bei kama gari moshi!" Kisha akauliza kama akipokea fedha hizo ataruhusiwa kuwapa wimbo watu wengine. Swali hilo ndilo lililonionesha kwamba sasa alikuwa anatoa kibali kama mwenye mali. Tuliandika kwamba kibali chetu si cha pekee, na wote wanne wakatia saini, kwa maana saini ya mrithi mmoja haiwafungi wenzake. Sekunde ishirini za wimbo zikawa shilingi 940,000. Jumla ikawa 1,880,000, na 120,000 zilizobaki ziliishia kwenye nauli.

Najua kipimo cha sekunde si kipimo cha thamani. Sekunde ya wimbo ule huenda ina uzito kuliko sekunde ya picha. Sidai tulimlipa anachostahili. Nadai jambo dogo zaidi: asiye na orodha ya bei asipate pungufu ya mwenye nayo, kwa sababu hiyo tu kwamba hana. Filamu ikishindwa kuvumilia kanuni hii, ifupishwe filamu. Yetu ilikuwa na dakika ishirini na mbili kabla ya hesabu hizi.

Kuna wa tatu ambao kanuni hii haiwafikii. Ni wale wanaume waliobeba mataruma katika picha za stesheni. Hawakuulizwa walipopigwa picha, na fedha tulizolipa hazikuwaendea. Wengine husema basi picha ni zetu, tuzichukue bila kulipa. Lakini kutomlipa mwenye hifadhi hakuwalipi wao. Kunatuongeza sisi tu katika orodha ya waliofaidika nao. Tulichoweza ni kuwaonesha wazee wa Nsambya picha zile, kuuliza majina, na kuyaandika. Kati ya wanaume tisa, wanne wametambuliwa. Majina hayo tumeyapeleka pia kwa hifadhi, ambako maelezo ya picha yalisema tu kwamba ni vibarua.