Gawio Lililokatikia Ukingoni mwa Karatasi

Mwenyekiti wa chama kimoja cha akiba na mikopo alikuwa katikati ya hotuba yake ya mkutano mkuu wa mwaka, ukumbi umejaa hadi mlangoni, aliposoma: "Kwa hiyo, ndugu wanachama, mwaka huu hatutatoa gawio." Akanyamaza. Akalamba kidole, akahangaika kufunua karatasi, nazo zilikuwa zimebanwa kwa pini na mbili zimegandana. Wanachama walivumilia kidogo, kisha mmoja wa viti vya nyuma akauliza kwa sauti hela zao zimekwenda wapi, na wengine wakasimama. Mzee alipoupata ukurasa uliofuata na kusoma "lililo pungufu kuliko la mwaka jana", hakuna aliyemsikia. Ilibidi mweka hazina apande jukwaani aeleze kwamba gawio lipo, tena limeongezeka.

Hotuba yenyewe haikuwa na kosa la sarufi wala la hesabu. Jioni ya kuamkia mkutano, mwenyekiti alimwambia katibu wake, "Binti yangu, niandikie kwa herufi kubwa, taa za ukumbi ule zinanisumbua macho." Katibu akaitikia, "Sawa, Mzee," akaichagua hotuba yote kwenye kompyuta, akaigeuza kuwa herufi kubwa tupu, akaweka ukubwa wa pointi 28, akapachika neno TUA kwenye mabano hapa na pale, akachapa. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo na kwenda kulala. Kumbe kompyuta haijui kusoma. Iliujaza kila mstari hadi ukingoni na kila ukurasa hadi chini, ikakata sentensi pale nafasi ilipokwisha, na bahati mbaya nafasi ilikwisha baada ya neno "gawio".

Maandishi makubwa yanasaidia macho, lakini yanazidisha idadi ya mistari na kurasa, na kila mwisho wa mstari ni mahali ambapo msomaji anaweza kusimama, apende asipende. Atasimama kuvuta pumzi, kuinua macho, kufunua karatasi au kwa sababu mtoto amelia. Katika Kiswahili hatari hii ni kubwa, kwa kuwa ukanushi wetu hukaa mwanzoni mwa kitenzi na maelezo yanayoupunguza nguvu huja baadaye. Anayesikia "hatutatoa gawio" ameshapata sentensi kamili. Hana sababu ya kungoja kingine.

Kwa hiyo kazi haianzi na ukubwa wa herufi. Inaanza na kusoma hotuba kwa sauti, kalamu mkononi, na kuweka alama kila pumzi inapokatika. Mahali hapo ndipo mstari unapokatwa, hata kama nusu ya karatasi itabaki tupu upande wa kulia. Kisha kila mwisho wa mstari huulizwa swali moja: akisimama hapa, atakuwa amesema nini? Jibu likiwa uongo, au ahadi asiyokusudia, mstari haufai.

Katibu yule aliifanya kazi hiyo upya kwa mkutano wa mwaka uliofuata, akajizoeza kwanza kwa aya ileile iliyowatia aibu. Ilikuwa hivi: "Kwa hiyo, ndugu wanachama, mwaka huu hatutatoa gawio lililo pungufu kuliko la mwaka jana. Tumetenga Sh. 47,350,000, na malipo yataanza tarehe 15 Aprili kwa wanachama waliokamilisha hisa zao." Ikawa hivi:

Ndugu wanachama, //
gawio la mwaka huu
halitapungua. //
Tumetenga shilingi
milioni arobaini na saba,
laki tatu na nusu. //
Waliokamilisha hisa zao
wataanza kulipwa
tarehe kumi na tano Aprili. //

Hakuishia kukata mistari, alibadili na maneno. Sentensi ya kwanza haikukatika salama popote, akaiandika upya. Ya mwisho ilikuwa na mtego ambao mwaka uliotangulia haukugunduliwa kwa sababu ya zile kelele: mtu akisimama baada ya "yataanza tarehe 15 Aprili", amemwahidi kila aliyemo ukumbini, pamoja na wasiomaliza hisa. Ndiyo maana sharti limehamia mbele. Mabadiliko kama haya hayafanywi kimyakimya. Alimpelekea mwenyekiti rasimu akaipitisha, kwani hotuba ni ya mwenyewe.

Tarakimu nazo zilitoweka. Ukimwekea mtu 47,350,000 mbele ya kipaza sauti, ataanza kuhesabu koma, na pengine ataitamka kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Ikiandikwa kwa maneno, anaitamka kama anavyoitamka sokoni.

Alama alizobakiza ni mbili. Mwisho wa mstari ni pumzi fupi, hauhitaji kitu. Mistari miwili ya mshazari maana yake simama, inua macho, watazame watu. Mkazo aliuonyesha kwa kupiga mstari chini ya neno, na katika aya hii alipigia mawili tu, "halitapungua" na "waliokamilisha". Kwetu mkazo wa sauti una mahali pake ndani ya neno, silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo neno lililopigiwa mstari halikemewi. Hutamkwa polepole zaidi. Ukurasa wenye mistari kila mahali humfanya msemaji asijue lipi ni lipi, akasoma yote kwa sauti moja.

Neno TUA alilifuta kabisa. Chochote kilichoandikwa kwa maneno kinaweza kusomwa, mabano yawepo yasiwepo. Aprili 2024 mjini Washington, Rais Joe Biden akiwahutubia wafanyakazi wa sekta ya ujenzi alisema "miaka minne zaidi", kisha akatamka na lile neno la kumwelekeza atulie. Alama ya mshazari haina matamshi, na hilo ndilo linaloifanya ifae.

Wapo wanaoona mistari mifupi ni mambo ya watu wasiojua kuhutubia. Lakini hata Winston Churchill alikwama katika Bunge la Uingereza Aprili 1904 akitoa hotuba aliyoikariri, akaketi bila kuimaliza. Baadaye alizoea kubeba maandishi kamili, na makatibu wake wakayapiga chapa kwa mistari mifupi iliyopangwa kama zaburi. Kasoro huja mtu akizidisha: mistari ya neno moja moja humfanya msemaji adonoe maneno kama kuku. Maneno matatu hadi matano kwa kawaida yanatosha, maana maneno yetu ni marefu.

Herufi kubwa tupu ziliondolewa pia, kwa sababu hulifanya kila neno kuwa na umbo moja la kisanduku, na jicho linalorudi kwenye karatasi halitambui lilipoachia. Theluthi ya chini ya kila ukurasa iliachwa wazi. Anayesoma hadi chini huinamisha kichwa, na sauti yake huinama nacho mbali na kipaza sauti. Kwa pointi 28 na nafasi ya mstari mmoja na nusu, ukurasa wa A4 hubeba mistari kumi hivi, yaani maneno arobaini hivi. Hotuba ya maneno 900 inafika kurasa ishirini na tatu hivi, upande mmoja wa karatasi. Mweka hazina alinung'unika kuhusu karatasi. Mwenyekiti alimtazama tu.

Hakuna sentensi iliyovuka ukurasa. Iliyokosa nafasi ilihamishwa nzima. Karatasi hazikubanwa kwa pini. Ziliandikwa namba kubwa juu kulia, na msemaji anapomaliza ukurasa anausukuma kushoto bila kuugeuza. Nakala ya kawaida, isiyo na mishazari, ilibaki kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano na waandishi wa habari.