Kikao kisogezwe, ugonjwa ubaki kwa mwenyewe

Liuli ni mahali padogo, na hospitali ya misheni ya Kianglikana, St. Anne, iko hapo hapo. Anayelazwa huonekana na wanaokwenda kliniki, wanaouza samaki na wanaopeleka chakula wodini. Huko ukisema mwenyekiti amesafiri kwenda Songea, uongo wako hautafika jioni. Lakini kukataa kusema uongo hakukulazimishi kusema yote.

Tuchukue kikundi cha hisa, kama vilivyo vingi kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwaka wa kikundi umekwisha, na Jumapili ndiyo siku ya mgao. Sanduku lina kufuli tatu na watunza funguo watatu. Wanachama wameshaupangia mgao kazi: huyu sare za shule, yule mbolea, mwingine nyavu. Alhamisi, mwenyekiti anaugua. Kwa kikao cha kawaida makamu angetosha, lakini mgao huu ameuandaa yeye, na hesabu za mwaka mzima ndiye anayeweza kuzieleza.

Kazi ya kwanza ya katibu ni kumuuliza mgonjwa, au ndugu anayemuuguza, kabla hajagusa simu ya kikundi: “Shikamoo mama, pole sana. Wenzetu niwaambieje?” Jibu litakalotolewa ndilo mpaka wake. Kama mama anataka waijue hali yake, sawa. Kama hataki, katibu hana ruhusa ya kuongeza neno, hata kwa nia ya kuomba maombi. Ujumbe wa “tumwombee mwenyekiti, amekutwa na tatizo fulani” ukiingia kwenye kundi la simu, utafika Mbinga na Dar es Salaam kabla watoto wake hawajapigiwa.

Hata hivyo, kunyamaza kabisa nako kuna hatari, kwa sababu hapa pana fedha. Mgao ukisogezwa bila maelezo, watu watasema hela zimeliwa. Kwa hiyo maelezo yaelekezwe kwenye yale yanayomhusu mwanachama. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

“Habari za jioni. Mgao wa Jumapili hii umesogezwa kwa sababu ya dharura. Tutakutana Jumapili ijayo saa nane mchana, mahali pale pale. Sanduku halijafunguliwa, na funguo ziko kwa watunza funguo watatu kama kawaida. Hakuna faini kwa kuchelewa huku. Mwenye shida isiyoweza kusubiri ampigie makamu mwenyekiti. Asanteni.”

Aliyeupokea anajua lini, wapi, fedha zake ziko salama na amtafute nani. Tarehe nayo isitajwe ovyo: wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutegemea usiku wa giza, na wakati wa mbalamwezi kali huwa na nafasi zaidi. Na kama mwenyekiti hana hakika ya kupona ndani ya wiki moja, bora kumpa makamu hesabu mapema kuliko kuahirisha mara mbili, maana kuahirisha mara ya pili ndiko kunakozaa minong’ono.

Simu zitapigwa. “Kwani mama anaumwa nini?” Katibu ajibu: “Salamu zako nitamfikishia. Mengine atasema mwenyewe akitaka.” Kama mgonjwa yuko wodini na kila mtu ameshamwona, hakuna haja ya kukana kwamba anaumwa. Kinachofichwa ni ugonjwa gani. Na mila yetu ya kumjulia hali mgonjwa haivunjiki: mtu anaweza kupeleka uji na pole bila kujua vipimo vilisema nini.

Mtego mkubwa uko kwenye mfuko wa jamii. Vikundi vingi humsaidia mwanachama anayeugua, na kwa haki kabisa hutaka uthibitisho. Basi stakabadhi ya hospitali aione mweka hazina peke yake, na daftari liandikwe “msaada wa ugonjwa” pamoja na kiasi. Jina la ugonjwa halibadilishi kiasi, kwa hiyo halina kazi mbele ya kikao.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini katibu wa kijijini hahitaji kuisubiri sheria. Kabla ya kutuma ujumbe, ajiulize kila sentensi inamsaidia mwanachama kufanya nini. Ile inayomsaidia tu kumjadili mgonjwa, aifute.