Picha ya Kidonda Haina Joto

Wanangu wa Bondeni, haya nimeshawaambia mama zenu, nikawaambia na dada zenu. Leo nawaambia ninyi, taratibu, maana macho yamechoka na picha za usiku. Simu inalia saa nne, nafungua WhatsApp, nakuta goti la mtoto limejaa kioo kizima, na chini yake neno moja: "Limeoza?" Sijaambiwa mtoto alianguka lini wala kama amelala au bado analia. Nilifunga vidonda hospitalini mpaka nikastaafu, na nitaendelea kuwajibu, kwa kuwa watoto wenu ni wajukuu wangu. Ila nataka mjue ninachokiona kwenye picha ile na nisichokiona.

Ninachokiona ni rangi na ukubwa, basi. Kidonda kilichoingiwa na vijidudu hujulikana zaidi kwa joto, maumivu, harufu na ngozi iliyokaza, na kuliko yote kwa mwendo wake: jana kilikuwaje na leo kikoje. Jeraha lolote, hata likiwa safi kabisa, huvimba kidogo na kuuma siku ya kwanza na ya pili, na ukingo wake hubadilika rangi. Hapo mwili unajitengeneza. Kuanzia siku ya tatu uvimbe na maumivu vinapaswa kupungua. Vikiongezeka, ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi.

Kuna kijana wa hapa mtaani aliyeanguka na baiskeli kwenye changarawe, upande wa kwenda Kivumbini. Siku ya tatu mama yake akanitumia picha iliyopigwa chini ya taa ya stima. Goti lilikuwa na utando wa manjano unaong'aa, na mama alikuwa ameshashika pesa za kwenda kemisti kununua vidonge. Nikamwuliza maumivu yamezidi au yamepungua. Akasema yamepungua, na jioni ile kijana alikuwa nje anacheza. Nikamwambia aweke mgongo wa mkono wake kwenye goti lile, kisha kwenye la pili. Joto lilikuwa sawa. Harufu haikuwapo. Nikamwambia abonyeze pole pole pembeni ya kidonda, na hakikutoka kitu.

Ule haukuwa usaha, wanangu. Mchubuko mpana hutoa maji ya mwili, nayo hugandamana juu yake yakawa utando wa manjano ulioshikamana na kidonda. Usaha ni mzito, hutiririka au hutoka ukibonyeza, mara nyingi unanuka, na ngozi inayouzunguka huwa ya moto na haitaki kuguswa. Tena taa ya manjano huongeza umanjano. Asubuhi mama alipopiga picha nyingine mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, utando ulionekana mwembamba, na ukingoni ngozi mpya imeanza kuingia. Pesa za vidonge zikabaki mfukoni.

Sasa sikilizeni la pili, ambalo ndilo linalonisumbua moyo. Fundi mmoja wa mabati alikanyaga msumari, ukapita kwenye soli ya raba hadi nyayoni. Picha yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizoletewa wiki hiyo: kitundu kidogo kilichofunga, hakina damu wala usaha. Lakini yeye alikuwa hawezi kuvaa kiatu, mguu unapwita usiku, na amepata mtoki kwenye kinena. Nikamwomba aweke miguu yote miwili pamoja na kuipiga picha kutoka juu. Mguu wa kushoto ulionyesha mishipa na mikunjo ya ngozi. Wa kulia ulikuwa laini, umekaza, unang'aa. Wekundu sikuuona, na sikuutarajia, maana kwenye ngozi yetu nyeusi uvimbe wa vijidudu mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Anayesubiri wekundu atachelewa. Nilimwambia aende hospitali siku ile ile, asingoje kukuche. Msumari huzika uchafu ndani, na soli ya raba ina vijidudu vyake. Kitundu kikifunga juu, vinabaki chini vinafanya kazi.

Kwa hiyo mkinitumia picha, ipigeni mchana karibu na mlango, bila taa ya simu, kwa sababu ile taa hufanya kila kilicholowa king'ae kama usaha. Osheni kidonda kwanza. Mkikipaka dawa ya zambarau kabla ya picha, mmeyafunika macho yangu. Pigeni moja ya mbali inayoonyesha kiungo hicho pamoja na mwenzake, kisha moja ya karibu iliyo na sarafu pembeni. Chukueni kalamu, mzungushe mstari pale uvimbe au weusi unapoishia, mwandike na saa. Kesho mnipe nyingine. Uvimbe ukivuka mstari ule, hakuna haja ya kuniuliza tena, nendeni.

Kuhusu kuosha, wengi wenu mnatafuta dawa kali wakati kinachotakiwa ni maji mengi. Osheni mikono kwa sabuni. Kama damu inatoka, bonyezeni kwa kitambaa safi dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Kisha pitisheni maji safi ya bomba juu ya kidonda dakika tano hadi kumi. Najua maji yetu ya Bonde la Ufa yana floridi inayotia meno madoa, lakini kwa kuosha kidonda haidhuru. Nyumba isiyo na bomba, au yenye maji msiyoyaamini, chemsheni maji, yapoe, myatie kwenye chupa safi ya plastiki. Toboeni kifuniko kwa sindano iliyochemshwa, mkamue chupa ili maji yatoke kwa nguvu kidogo, na karai liwe chini. Changarawe iliyobaki itoeni kwa kitambaa safi kilicholowa, kwa upole. Ikiachwa huzibwa ndani ya ngozi, ikaacha alama na kuleta usaha. Sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni.

Spiriti na peroksaidi zisiingie ndani ya kidonda, kwa kuwa huunguza ile nyama changa inayojaribu kukijaza. Unga wa kapsuli mnazopasua na kuumwaga juu hufanya gamba gumu, na usaha hujificha chini yake. Majivu, mafuta ya taa na dawa ya meno sitaki hata kuvisikia. Pakeni vaselini safi kidogo, mfunike kwa shashi, mbadilishe kila siku au ikilowa.

Kuna vidonda ambavyo picha zake msinitumie kabisa, mnanipotezea muda wa mgonjwa. Kilichong'atwa na mbwa kiosheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nendeni mara moja kwa sindano za kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo. Vilevile kidonda kilichoachama, kilicho juu ya kiungo cha kidole, cha mwenye kisukari, chenye mstari unaopanda mguuni au mkononi, au kilicholeta homa. Na kwa kidonda chochote chenye udongo au kutu, tafuteni kadi ya kliniki muone sindano ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini. Ikiwa imepita miaka mitano, au kadi haionekani, semeni hivyo mkifika hospitali, mchomwe nyingine.