Uji Usiomwagika Kijikoni

Wanangu, mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe hapahapa, tunasikilizana. Maneno haya nimeyasema kliniki hii miaka mingi, nimechoka, na bado nitayasema, kwa kuwa kila wiki naletewa kadi ambayo mstari wa uzito umelala.

Mtoto aanze chakula akitimiza miezi sita. Mama mkwe atakwambia wa miezi mitatu analia kwa njaa, mpe uji. Mwekee titi. Maziwa huja kadiri mtoto anavyonyonya. Uji ukimjaza atanyonya kidogo, na hapo maziwa yatapungua kweli. Ila miezi sita ikifika usichelewe, maana madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanakwisha, na maziwa peke yake hayatoshi kuyafidia.

Juzi alikuja binti na mtoto wa miezi minane. Anampa uji kikombe kizima mara nne kwa siku, na mtoto haongezeki. "Uji gani, mwanangu?" "Mwepesi, bibi, nautia kwenye chupa usimkwame." Basi nikamweleza: tumbo la mtoto wa kilo nane hubeba kama robo lita tu. Ukilijaza maji ameshiba, lakini hajala.

Nikamwambia aiache chupa, ambayo kuisafisha ni kazi, atumie bakuli na kijiko. Apike uji mzito, kisha ainamishe kijiko: ukimwagika mara moja, unga bado haujatosha, ukishikilia na kushuka polepole, huo ndio. Atie kijiko cha karanga au dagaa waliosagwa laini. Karanga zenye ukungu asizitumie hata akizikaanga, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa moto wa jikoni. Na uji ukiwa mzito mno kumezeka, asiongeze maji. Aupoze kidogo, atie kijiko kidogo cha kimea cha ulezi, akoroge. Utalegea wenyewe na unga wote umo ndani. Kisha aurudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu kimea kibichi huwa na vijidudu. Nusu kikombe cha uji huo, mara tatu kwa siku, na titi kila anapolitaka.

Ninyi mnaoanza wiki hii, vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha kwa mlo mmoja, mara mbili kwa siku, mkiongeza taratibu. Siku za kwanza mtoto atakisukuma nje kwa ulimi. Hajakataa, anajifunza kumeza; ngoja, umpe tena. Nawasihi sana, msimbane pua mkammiminia. Uji huingia njia ya hewa, na mtoto hupaliwa hadi kufa.

Yule binti mwambieni arudi mwezi ujao tumpime mtoto. Mstari ukiwa bado umelala, asikae nyumbani akibadilisha unga. Amlete kwa daktari.