Kwa Kinywa Chake Mwenyewe

Mwaka 2021 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Roadrunner, inayomhusu Anthony Bourdain, mpishi, mwandishi na msimulizi wa Marekani aliyefariki mwaka 2018. Ndani yake rafiki yake, msanii David Choe, anaanza kusoma barua pepe aliyoandikiwa na Bourdain. Maneno yanaendelea, lakini sauti ya Choe inafifia na ya Bourdain inashika nafasi yake. Marehemu anamuuliza rafiki yake kama ana furaha.

Bourdain aliandika maneno hayo. Hakuwahi kuyatamka mbele ya kinasasauti. Mwongozaji Morgan Neville alieleza baadaye kwamba rekodi za zaidi ya saa kumi zilitumika kuifunza programu ya akili mnemba sauti ya marehemu, kisha ikasoma nukuu tatu ambazo hazikuwa na rekodi. Alijitetea kwamba hakumtungia mtu neno hata moja. Mtazamaji hakuambiwa lolote ndani ya filamu.

Utetezi huo unastahili kupimwa kwa uzito, maana ndio utakaotolewa kila mara: maneno ni yake, sauti ni yake, kosa liko wapi?

Tulichukue swali lenyewe na kuliweka katika Kiswahili. Una furaha? Kwenye karatasi, alama ya kuuliza ndiyo pekee inayolitenga na taarifa. Mdomoni alama hiyo haipo. Kiimbo ndicho kinachoamua kama nakuuliza au nakuambia. Kiimbo hichohicho ndicho kinachoamua kama nauliza kwa huruma, kwa wivu, au kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kujijibu. Aliyeandika aliacha milango yote hiyo wazi. Programu haiwezi kuiacha wazi, kwa sababu hakuna sauti isiyo na kiimbo. Inakokotoa namna ya kutamka inayoelekea kufanana na rekodi ilizofunzwa, na rekodi nyingi za msimulizi ni sauti yake ya kazini. Fundi anaweza kuzalisha matoleo kadhaa, na mhariri akachagua lile linalomgusa. Hapo mhariri amekwisha kuamua marehemu alihisi nini, na uamuzi wake unatufikia kama ushahidi wa marehemu mwenyewe.

Ndiyo maana sikubali kwamba ruhusa ya maneno ni ruhusa ya kuyatamka. Tukisema tumelisikia jambo kwa kinywa chake mwenyewe, tunamaanisha kwamba yeye alikuwapo, akalisema, na yuko tayari kuulizwa. Hata anayesoma alichoandika jana anaweza kusita, kuruka mstari, au kukataa kuusoma. Haki ya kukataa ndiyo iliyoondolewa hapa.

Linganisha na The Andy Warhol Diaries, mfululizo wa mwaka 2022. Huko pia sauti ya marehemu iliundwa, kwa idhini ya wakfu wake, na watazamaji waliarifiwa. Tena shajara zile Warhol alikuwa akizisimulia kwa simu na Pat Hackett akiziandika, kwa hiyo yalikuwa maneno yaliyowahi kupita mdomoni mwake. Sina hakika kwamba wakfu unaweza kumridhia mtu jambo ambalo hakulijua akiwa hai. Lakini msikilizaji alijua anachosikiliza, na hilo si dogo.

Sheria inaliendea suala hili kwa kusuasua. Hakimiliki hulinda rekodi, si sauti. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba mwimbaji Bette Midler angeweza kuishtaki kampuni ya magari ya Ford, baada ya tangazo lake kutumia mwimbaji mwingine aliyeagizwa kuimba wimbo kwa kumwiga. Ruhusa ya kuutumia wimbo ilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya mwenye sauti, naye alikuwa amekwisha kukataa. Jimbo la Tennessee lilitunga mwaka 2024 sheria inayotaja sauti waziwazi, na zile zilizoigizwa kwa mashine zimo. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti katika maana ya data za kibayometria. Hiyo inamsaidia aliye hai kuuliza sauti yake imechukuliwa kwa kazi gani. Haimwambii mhariri afanye nini na barua ya marehemu.

Kwa msimulizi aliye hai, jibu limo katika mkataba: ridhaa kwa matini inayojulikana, kwa muda unaojulikana, na haki ya kusikiliza toleo la mwisho kabla halijatoka. Kifungu kinachoruhusu rekodi kutumika kwa namna yoyote itakayobuniwa baadaye ndicho cha kukatwa kabla ya kutia saini.

Kwa Bourdain hata mkataba haukuhitajika. Barua aliandikiwa Choe. Choe alikuwepo, alikuwa amekwisha kuanza kuisoma, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa swali lile. Ingetosha kumwacha amalize.