Diploma ya River Road Msiiguse

Wanangu mliovuka mipaka baada ya Goma kuangushwa Januari 2025, na nyinyi wa Bukavu mliofuata Februari, nawaona hapa Nairobi, Kayole na Kasarani, mkiulizana habari za kazi. Ujuzi mnao, makaratasi yamebaki nyuma. Najua pia kuna mtu ameshawanong'oneza kwamba diploma ya Kongo huchapwa River Road kwa jioni moja, muhuri na sahihi vikiwemo. Msiende.

Ulipoandikishwa kuwa mkimbizi uliulizwa umesoma hadi wapi na ulikuwa ukifanya kazi gani. Majibu hayo yamo kwenye faili lako, na siku ya mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu faili hilo hufunguliwa. Kama mle ndani umemaliza sekondari na mkononi umeshika shahada ya chuo kikuu, anayekuhoji hataishia kuitilia shaka shahada. Ataanza kukishuku kisa chako chote cha kukimbia. Na kama siku ile uliandikwa "mkulima" kwa sababu uliogopa, au mkalimani alikuwa na haraka zake, rudi ukaombe isahihishwe kabla hujaandika sivii hata mstari mmoja.

Mtego wa pili ni mdhamini wa kukodi. Kampuni imefungwa, bosi simu haishiki, basi unaweka namba ya rafiki ajifanye mkurugenzi. Ofisa wa ajira wa Nairobi hahitaji upelelezi: anaiweka namba ile kwenye M-Pesa kana kwamba anatuma pesa, na kabla hajathibitisha jina la mwenye laini linamtokea. Mkurugenzi wako wa Goma amegeuka jirani yako wa Kayole.

Sasa tuseme wewe ni fundi umeme. Ulipata diploma ya serikali ya ufundi, ukafanya kazi Goma kuanzia 2017 hadi vita vilipokutoa. Chukua daftari kabla ya kugusa kompyuta, uandike mwaka kwa mwaka: shule, kampuni, mtaa ilipokuwa, nani alikusimamia, mlifunga nini na wapi. Tarehe usiyoikumbuka iandike kwa mwaka tu, usibuni mwezi. "Nilifanya kazi za umeme" haimwambii mwajiri kitu. Andika kwamba ulifunga sola ya kilowati 5 kwenye zahanati, ukachagua nyaya na betri mwenyewe, ukaitunza miaka mitatu. Ukiulizwa kwa nini ulichagua waya wa unene ule, jibu lako litafanya kazi ambayo cheti kingeifanya. Chini ya jina la kampuni ongeza: "Ilifungwa kwa sababu ya vita, 2025." Miezi uliyokaa bila ajira nayo iandike ilivyo.

Mashahidi wako hawajafa wote. Wametawanyika Kampala, Bujumbura, wengine wako hapahapa. Msimamizi wako wa zamani, hata kama leo anauza mitumba, anaweza kukuandikia barua: alikuwa na cheo gani wakati ule, alikusimamia kuanzia lini hadi lini, alikuona ukifanya nini. Aweke namba yake halisi, na umwombe ruhusa kabla hujaitoa. Barua ya hivyo isiyo na nembo ina uzito kuliko ya nembo iliyochongwa.

Kuhusu diploma yenyewe, matokeo ya mtihani wa serikali hubaki katika kumbukumbu za shule na za wizara. Ndugu aliyebaki anaweza kuulizia shuleni kama rejista ipo, akaomba uthibitisho, iwapo njia ni salama kwake. Lakini kama hifadhi uliiomba kwa kuiogopa serikali yako, usiingie ubalozini kutafuta nakala kabla ya kuongea na mwanasheria wa wakimbizi. Karatasi moja isije ikakunyang'anya ulinzi.

Wakati unasubiri, tafuta karatasi mpya ya hapa. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutoa mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na hupima mikono yako kuliko shule uliyosoma. Vijana wa Kakuma wameufanya. Uliza ada na tarehe katika ofisi zao wenyewe, si kwa dalali. Mtihani huo haukupi ruhusa ya kusaini kazi za umeme, maana hiyo hutokana na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, lakini unakupa cheti ambacho mwajiri wa Kenya anakijua na anaweza kukithibitisha.

Daftari ni la kuanza leo jioni. Anza na majina ya wasimamizi wako, kwa sababu hayo ndiyo hutangulia kusahaulika, na mpigie wa kwanza kesho.