Nauli Yangu Irudi Kama Ilivyotoka

Nilikuwa niende Dar es Salaam kutoka Hamburg, harusini kwa mdogo wangu, shirika la ndege likafuta safari. Ndege mbadala waliyokuwa nayo ingenifikisha harusi imeshapita. Barua pepe yao ilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: pokea vocha ya euro 850. Tiketi nilikuwa nimelipia 780. Njia ya kudai fedha ilikuwa chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani.

Nilikataa ile vocha pamoja na nyongeza yake. Sikuwa natafuta faida. Nilitaka kufika harusini, na kwa tarehe ile tiketi ilikuwa inauzwa na shirika jingine. Fedha ingeninunulia tiketi hiyo. Vocha ingenirudisha kwa yule yule aliyeshindwa kunisafirisha, kwa bei atakayoipanga yeye, kabla ya tarehe ya mwisho aliyoiweka yeye.

Kuna jambo zito zaidi. Anayeshika vocha amelikopesha shirika fedha bila dhamana. Likifilisika, anaingia kwenye foleni ya wadai, na mara nyingi mabenki na wengine wenye dhamana wako mbele yake. Kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, iliyokuwa kwenye biashara ya safari tangu karne ya 19, ilifunga milango tarehe 23 Septemba 2019. Ukongwe haukuiokoa.

Sheria iko wazi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja wa ndege wa nchi za Umoja huo, hata kama ndege ni ya Afrika au ya Ghuba. Shirika likifuta safari, abiria asiyetaka ndege nyingine hurudishiwa nauli yake yote ndani ya siku 7, hata ile tiketi iliyoandikwa kwamba hairudishiwi fedha. Vocha inaruhusiwa kwa sharti moja tu: abiria akubali kwa saini yake.

Hapo kwenye saini ndipo wengi wanaponaswa. Machi 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kujaza fomu ya vocha mtandaoni kunaweza kuhesabiwa kuwa ni saini, mradi abiria alielezwa wazi haki zake na akachagua kwa hiari. Kitufe kile cha kijani, basi, si cha kubonyeza kwa haraka.

Niliandika sentensi mbili: sikubali vocha, nirudishieni euro 780 kwenye akaunti yangu ya benki kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Kanuni namba 261. Fedha ziliingia.

Ndugu msafiri, ukisikia safari itafutwa, usiighairi wewe mwenyewe, maana ukitangulia kughairi haki hii huna tena. Subiri shirika lifute, kisha dai fedha zako kwa maandishi.